Asante kwa Subiri Yako: Kosa la Umbo la Neno Katika Kiingereza Chetu

Tangazo limebandikwa mlangoni, limechapwa vizuri na kugongwa muhuri. Linawaarifu wateja kwamba kesho dirisha la malipo litafungwa saa sita mchana. Chini kabisa, kabla ya sahihi, kuna mstari wa shukrani: "Thanks for your cooperate."

Hakuna herufi iliyokosewa hapo. Programu rahisi ya kukagua tahajia haipigi mstari mwekundu, kwa kuwa kazi yake ni kulinganisha kila neno na orodha iliyo nayo, na neno "cooperate" limo katika orodha. Wateja nao wanaelewa wanachoambiwa. Hata hivyo sentensi imekosewa, na kosa lake lina ndugu wengi katika barua za kazi, ripoti za ofisi, jumbe za simu na karatasi za mitihani: "sorry for the inconvenient", "it is very importance", "I am interesting in this job". Neno lililochaguliwa ni la ukoo unaofaa, ila aliyetumwa ni ndugu asiyehusika.

Ili kulisikia kosa hilo kama linavyosikika masikioni mwa mzawa wa Kiingereza, msomaji amwazie mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa miezi michache, anayeachwa kwenye benchi la kusubiri na hatimaye kuitwa. Anapoagana na mhudumu anasema: "Asante kwa subiri yako." Mhudumu ataelewa, lakini atasita kidogo. Kusubiri ni tendo, na anayelitenda huambiwa "subiri". Kinachoshukuriwa ni subira. Tofauti ya maneno hayo mawili ni irabu moja tu ya mwisho, lakini hakuna mzawa wa Kiswahili anayeyachanganya. Hakuna anayesema "furahi yangu" badala ya "furaha yangu", wala "amini yake" badala ya "imani yake", wala "safiri yenu ilikuwaje?" Mtoto anaingia darasa la kwanza akiwa tayari anajua kuyatenganisha, ingawa hajawahi kusikia maneno nomino na kitenzi.

Kwa hiyo mwandishi wa lile tangazo anao ujuzi huo katika lugha yake. Swali ni kwa nini unamponyoka akivuka kuingia Kiingereza.

Sehemu kubwa ya jibu imo katika silabi moja ya Kiswahili, nayo ni "ku-". Mwanafunzi hufundishwa mapema kwamba kushirikiana ni "to cooperate", kusaidia ni "to help", kula ni "to eat". Mlinganyo huo ni wa kweli kwa nusu tu. Katika "wanataka kushirikiana", neno hilo linafanya kazi ya kitenzi, na Kiingereza kinakubali "to cooperate". Lakini Kiswahili husema pia "kushirikiana kwenu kumetusaidia". Hapo neno lile lile limegeuka nomino kamili. Lina ngeli yake, linamilikiwa na "kwenu", na linatawala kitenzi "kumetusaidia". Limefanya kazi mbili bila kubadilisha hata herufi moja.

Kiingereza hakiruhusu hivyo. Kile ambacho Kiswahili hukibeba kwa "ku-" peke yake, Kiingereza hukigawa mara tatu. Kuna "to cooperate" kwa tendo linalotakiwa au kukusudiwa. Kuna "cooperating", umbo lenye mkia wa "-ing", linalotumika tendo linaposimama mahali pa nomino, hasa baada ya maneno kama "for", "by", "without" na "after". Na kuna "cooperation", nomino halisi inayolingana na ushirikiano. Mwandishi aliyewaza "asante kwa kushirikiana kwenu" amefasiri neno kwa neno: "asante" ikawa "thanks", "kwa" ikawa "for", "kwenu" ikawa "your", na kushirikiana ikawa kile alichofundishwa siku zote. Alichohitaji ni njia moja kati ya mbili. Akitaka kubaki na tendo, anaandika "Thank you for cooperating", na "your" inaweza kuondoka. Akitaka nomino, anaandika "Thank you for your cooperation."

Jibu la pili limo ndani ya Kiingereza chenyewe, maana lugha hiyo humtegea mgeni mtego. Baadhi ya maneno yake ya kila siku hayabadiliki kabisa. "Help" ni saidia na pia ni msaada. "Work" ni fanya kazi na pia ni kazi. Ndivyo yalivyo "call", "visit", "answer", "delay", "support", "change" na "reply". Mtu huandika "thanks for your help" akasahihi, akaandika "thanks for your support" akasahihi tena, "thanks for your visit" vilevile. Mara ya nne anaandika "thanks for your cooperate" kwa kufuata njia ile ile iliyomfikisha salama mara tatu. Kwa mantiki hajakosea. Kilichobadilika ni aina ya neno alilolikuta njiani.

Kiswahili nacho kina maneno ya namna hiyo, ingawa ni machache. "Jibu" ni amri na pia ni nomino: mtu huambiwa "nijibu", kisha akaulizwa "jibu lako liko wapi?" Hesabu ni hivyo hivyo. Lakini mgeni akichukua mfano wa "jibu lako" akaupeleka kwenye kusoma, kulinda au kupika, atajikuta anasema "soma lako", "linda lako", "pika lako". Kiswahili kitamtaka aseme somo, ulinzi, mapishi. Katika mapishi na ulinzi atagundua jambo jingine: herufi ya mwisho ya mzizi nayo imebadilika, "k" ya pika ikawa "sh", na "d" ya linda ikawa "z". Kwa mzawa mambo haya ni kama pumzi. Kwa mgeni ni orodha ya kukariri.

Kwa nini Kiingereza kina makundi mawili, moja lisilobadilika na jingine linalotaka mkia? Historia inajibu. Mwaka 1066 Wanormandi waliokuwa wakizungumza Kifaransa waliivamia na kuitawala Uingereza. Kwa karne kadhaa baada ya hapo, mahakama, dini, utawala na elimu viliingiza katika Kiingereza maelfu ya maneno ya Kifaransa na Kilatini. Maneno hayo yalifika na mikia yake: "-tion", "-ment", "-ance", "-ity", "-al". Kiingereza cha kale kilikuwa na mikia yake mwenyewe, kama "-ness" na "-th", na kilibaki nayo. Ndiyo maana "kind" inazaa "kindness" na "grow" inazaa "growth", ilhali "cooperate" inazaa "cooperation". Maneno mafupi ya nyumbani na shambani mara nyingi ni ya asili ya kale. Maneno marefu ya ofisini na darasani mara nyingi ni ya wageni wale.

Msomaji wa Kiswahili anaufahamu mzigo wa aina hii kutoka upande wa Kiarabu. Kitabu, katibu na maktaba yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na kila moja lilikuja likiwa limekwisha undwa huko. Mtu hawezi kuchukua kitabu akaunda maktaba kwa kanuni za Kiswahili. Inambidi ajifunze yote matatu. Mwanafunzi wa Kiingereza anasimama mbele ya mlango kama huo karibu kila ukurasa.

Ugumu wenyewe unaonekana wazi katika vitenzi vitano vinavyoishia kwa herufi zile zile tatu. "Refuse" ni kukataa, na nomino yake ni "refusal". "Accuse" ni kushtaki, na nomino yake ni "accusation". "Amuse" ni kuburudisha, na nomino yake ni "amusement". "Confuse" ni kuchanganya, na nomino yake ni "confusion". "Excuse" ni kuwia radhi, na nomino yake ni "excuse" vilevile, ila katika matamshi sauti ya "z" mwishoni hugeuka "s". Vitenzi vitano, nomino za namna tano. Hakuna kanuni itakayomwezesha mtu kukisia yote, na mwalimu anayemwambia mwanafunzi "ongeza tu mkia" hajamsaidia.

Hata hivyo si kila sehemu ya uwanja huu ni giza. Kuna makundi ambayo mtu anaweza kuyategemea, na "cooperate" limo katika kundi thabiti kuliko yote. Vitenzi virefu vinavyoishia kwa "-ate" karibu vyote huacha "e" na kupokea "-ion": "educate" huwa "education", "donate" huwa "donation", "communicate" huwa "communication". Vitenzi vinavyoishia kwa "-fy" kwa kawaida hutoa "-fication", kama "notify" na "notification", ingawa "satisfy" inakwenda kivyake na kutoa "satisfaction". Vinavyoishia kwa "-ise" mara nyingi hutoa "-isation", kama "organise" na "organisation", lakini "apologise" hutoa "apology" na "criticise" hutoa "criticism". Aliyeyashika makundi haya matatu pamoja na hao wakaidi wachache amejiokolea kazi kubwa.

Sikio nalo linaweza kusaidia, na hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: u-shi-ri-ki-A-no. Maneno ya Kiingereza yanayoishia kwa "-tion" hufuata mwendo huo huo, kwa sababu mkazo wake hukaa kwenye silabi inayotangulia mkia. Kitenzi "cooperate" kina mkazo mapema, kama ko-O-pa-reit. Nomino "cooperation" inauhamishia mbele: ko-o-pa-REI-shen. Anayezoea kutamka maneno haya mawili kwa midundo yao tofauti huanza kulisikia kosa kabla hajaliona.

Kwingine sikio linadanganya. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na konsonanti mbili zinazofuatana mwishoni mwa neno ni jambo la kigeni. "Important" inaishia kwa sauti za "nt" na "importance" kwa sauti za "ns". Katika mazungumzo ya haraka tofauti hiyo hupotea, na mtu anayejifunza kwa kusikiliza anaweza kuyachukua maneno yote mawili kama neno moja. Hapo ndipo inapozaliwa sentensi "it is very importance", na upande wa pili "the important of education". Jozi zenye sura hiyo ni nyingi: "different" na "difference", "absent" na "absence", "convenient" na "convenience". La kwanza katika kila jozi ni kivumishi, la pili ni nomino.

Kiswahili kinatoa kipimo rahisi kwa jozi hizi. Muhimu ni "important". Umuhimu ni "importance". Ile "u-" ya mwanzoni katika Kiswahili inafanya kazi ya ile "-ce" ya mwishoni katika Kiingereza. Hakuna anayesema "jambo hili ni umuhimu sana", wala "muhimu wa elimu". Mwandishi akijiuliza ni lipi kati ya hayo mawili lingekaa pale katika Kiswahili, mara nyingi atapata umbo la Kiingereza analolihitaji. Kipimo hiki kinafaa pale Kiswahili chenyewe kinapotenganisha. Hakifai panapokuwa na "ku-", kwa sababu huko Kiswahili kimeunganisha kile ambacho Kiingereza kimekitenga.

Je, kosa lenyewe lina madhara yoyote, ikiwa wateja wote wameelewa? Mara nyingi halina zaidi ya kumfanya msomaji asite. Lakini yapo maneno ambayo umbo lisilo sahihi si umbo tupu. Ni neno jingine lenye maana yake, na hapo msomaji hasiti tena, bali anapelekwa kwingine.

Mfano wa kwanza unatokea kwenye matangazo ya kusubiri huduma. Mwandishi anataka kusema "asante kwa subira yako", anaandika "thanks for your patient". Nomino ya subira ni "patience". "Patient" ikiwa kivumishi ni mvumilivu, lakini ikitanguliwa na "your" inasomeka kama nomino, na nomino hiyo maana yake ni mgonjwa. Ukutani kwa zahanati, sentensi hiyo inamshukuru mtu kwa mgonjwa wake.

Mfano wa pili ni wa barua. Mtu aliyenyimwa ombo lake anataka kujibu kwamba amepokea taarifa ya kukataliwa, anaandika "I received your refuse". Neno "refuse" likikaa mahali pa nomino, na mkazo ukihamia silabi ya kwanza, ni takataka. Alichoandika kinasomeka kwamba amepokea taka za mwenzake.

Mfano wa tatu unairudia familia ya "cooperate". Mwandishi anayejua kwamba "cooperate" haifai anaweza kukimbilia ndugu mwingine na kuandika "thanks for your cooperative". "Cooperative" kwa asili ni kivumishi, yaani mwenye kushirikiana. Lakini zamani kivumishi hicho kiligeuka kuwa nomino yenye maana ya chama cha ushirika. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama cha namna hiyo tangu mwaka 1933, kilichoitwa kwa Kiingereza Kilimanjaro Native Co-operative Union, na kinajulikana mpaka leo kwa herufi zake KNCU. Kwa hiyo "thanks for your cooperative" ni sentensi sahihi kabisa ya sarufi. Inamshukuru mtu kwa chama chake cha ushirika.

Kundi jingine linalopotosha maana ni la vivumishi vya hisia. "Interested" ni mwenye kuvutiwa. "Interesting" ni mwenye kuvutia wengine. "Bored" ni aliyechoshwa. "Boring" ni mchoshi. Anayeandika "I am interesting in this job" amejisifu kwamba yeye ni mtu wa kuvutia, na anayemwambia mwalimu "I am boring" amejitukana. Kiswahili kinatenganisha vizuri katika jambo hili. Neno linaloingia kiambishi cha "-w-" cha kutendwa, kama nimevutiwa, nimechoshwa, nimeshangazwa, karibu daima linataka umbo la "-ed". Linalobaki bila "-w-", kama inavutia, inachosha, inashangaza, linataka "-ing". Mwanafunzi anayekumbuka tofauti ya vutia na vutiwa ana kipimo mfukoni.

Kujua umbo moja la neno hakumpi mtu mengine. Mwaka 2002 watafiti Norbert Schmitt na Cheryl Zimmerman walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa elimu ya juu waliojifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni. Waliwapa neno, kisha wakawataka waandike nomino yake, kitenzi chake, kivumishi chake na kielezi chake. Wengi walijua baadhi ya maumbo na kukosa mengine. Nomino na vitenzi vilijulikana zaidi, huku vivumishi na vielezi vikiwasumbua zaidi. Watungaji wa mitihani wanalijua jambo hili siku nyingi. Katika mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, sehemu ya sarufi ya Kiingereza huwa na sentensi zenye pengo, na mtahiniwa hutakiwa kuligeuza neno alilopewa hadi likae sawasawa. Mtihani wa Cambridge unaoitwa B2 First una sehemu nzima ya kazi hiyo, yenye mapengo 8.

Mtahiniwa aliyefundishwa vizuri haanzi kwa kutafuta mkia. Huanza kwa kuangalia pengo lenyewe. Maneno yanayozunguka nafasi ndiyo yanayotangaza ni aina gani ya neno inayotakiwa. Likitangulia "your", "the", "this" au "a", na baada ya pengo pasiwe na neno jingine linalobebwa, panatakiwa nomino. Likitangulia "will", "can", "must" au "to", mara nyingi panatakiwa kitenzi. Likitangulia "very", panatakiwa kivumishi au kielezi, kamwe si nomino wala kitenzi. Kipimo hicho kina tundu moja linalostahili kukumbukwa: "to" haitangulizi kitenzi kitupu kila mara. Katika "I look forward to hearing from you" ni kihusishi kama "for", kwa hiyo inataka "hearing", na wengi wanaoandika "to hear" hapo wameponzwa na "ku-" ile ile.

Kazi yenyewe huonekana vizuri katika andiko zima. Tangazo lifuatalo limetungwa kwa ajili ya makala hii, lakini kila kosa lililomo ni la kawaida katika maandishi ya ofisini:

"Dear customers, the maintain of the main pipe will start on Monday. The complete of the work will take three days. It is very importance to keep enough water. We are sorry for the inconvenient. Customers who are not satisfy should call our office. Thanks for your cooperate."

Makosa ni sita, na hakuna hata moja la tahajia. Inafaa pia kuangalia mahali ambapo mwandishi huyu hakukosea. "Start", "work" na "call" yote yamekaa sawa, na yote matatu ni yale maneno yasiyobadilika, yanayokubali kuwa kitenzi au nomino bila kuvua wala kuvaa kitu. Maneno yaliyomwangusha yote sita ni ya ukoo wa Kilatini, yaliyokuja na mikia. Anayejihakiki anaweza kuanza hapo: ayarukie kwanza maneno marefu.

Katika sentensi ya kwanza, "the" inatangulia na "of" inafuata. Nafasi iliyobanwa na hayo mawili ni ya nomino. Kitenzi "maintain" hutoa "maintenance", na hapa kuna hatari ya pili, kwa kuwa irabu ya ndani inabadilika. Anayeongeza mkia tu atapata "maintainance", ambalo si neno. Ni kama mgeni anayejua kupika akaunda "mapiki".

Sentensi ya pili ina "the" na "of" tena. "Complete" hutoa "completion", na "the completion of the work will take three days" ni sahihi, ila ni nzito. Mhariri mzoefu hapo hatafuti nomino. Anaiondoa: "The work will take three days." Makosa mengi ya umbo hutokea kwa sababu mwandishi ameamini kwamba Kiingereza rasmi kinadai nomino ndefu kila mahali, akajilazimisha kujenga kile ambacho kitenzi chepesi kingekisema.

Sentensi ya tatu ina "very", basi panatakiwa kivumishi, "important". Kipimo cha muhimu na umuhimu kinathibitisha. Ya nne ina "the" na hakuna neno linalofuata, basi panatakiwa nomino, "inconvenience", yaani usumbufu. Ya tano ni ya hisia, na Kiswahili kingesema wasioridhishwa. Ile "-w-" inaelekeza kwenye "satisfied". Ya sita ina "your", na baada yake sentensi imekwisha. Panatakiwa nomino, na kitenzi kiko katika kundi la "-ate".

Tangazo likipita katika mikono hiyo, linatoka hivi:

"Dear customers, maintenance of the main pipe will start on Monday. The work will take three days. It is very important to keep enough water. We are sorry for the inconvenience. Customers who are not satisfied should call our office. Thank you for your cooperation."

Mwandishi wake akitaka kosa lisirudi, hatakariri "cooperation" peke yake kwenye daftari, kwa sababu neno lililokaririwa pweke halisemi linakaa wapi. Atakariri maneno matatu yanayokwenda pamoja, "for your cooperation". Chini yake ataandika "for your patience", kisha "for your attention", kisha "for your understanding", kila moja na jirani zake. Halafu pembeni, kwenye mstari mwingine, ataandika maneno mawili ambayo ni njia ya pili ya kusema jambo lile lile: "for cooperating", "for waiting".